Chakula cha jioni kwa kijana asiyelala: anza na chupa ya chai

Kwenye nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, kinachomnyima kijana usingizi kipo mezani na kinafuka mvuke. Ni chai. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku kwetu haina utani, majani yanalimwa hapa hapa Mufindi na Rungwe, maziwa yapo, basi chupa ya chai inajazwa saa kumi na mbili jioni na kukaa mezani mpaka watu waende kulala. Baba anakunywa vikombe viwili na kukoroma. Kijana wa miaka 15 anakunywa hivyo hivyo, halafu saa sita usiku bado anageukageuka na kupiga miguu ukutani.

Mwongozo huu ni wa kijana wa shule ya kutwa, anayekula nyumbani jioni. Wa bweni anakula anachopewa, na huyo ni habari nyingine. Niseme pia mapema kwamba hakuna chakula kinachomlaza mtu kama sindano ya usingizi. Kazi ya mlo wa jioni ni kuondoa vizuizi: kafeini, mafuta mengi na sukari, kisha kumfikisha kitandani akiwa hana njaa na tumbo halijamjaa. Mengine ni ya mwili wenyewe. Kijana aliyebalehe, saa yake ya ndani inasogea mbele, hivyo homoni ya usingizi inaanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo. Usimtegemee asinzie saa mbili kama mdogo wake. Lenga saa nne usiku. Umri huo unahitaji kulala saa nane hadi kumi, na kengele ya shule haimsubiri mtu.

Kwanza, andika anachokula na saa anayokula

Kabla hujabadilisha chochote, chukua daftari na uandike siku tatu nne: alifika saa ngapi, alikula nini, alikunywa nini, alipanda kitandani saa ngapi, na asubuhi uliita mara ngapi kabla hajaamka. Usisahau vya dukani.

Tuchukue kijana wa kidato cha pili anayekaa Uyole. Anafika nyumbani saa kumi na moja jioni na njaa ya kutisha, anakunywa kikombe cha chai kwa maandazi matatu. Saa moja na nusu anakaa na madaftari yake, anateremsha vikombe viwili vingine maana kuna baridi. Chakula kinaiva saa tatu na nusu kwa sababu maharage yamegoma kuiva. Anakula ugali mkubwa, saa nne na nusu yuko kitandani, anapata usingizi baada ya saa sita. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anaamshwa. Amelala saa tano na kidogo. Ijumaa mlo wenyewe ni chipsi mayai na soda.

Hesabu ya vile vikombe viwili vya saa moja na nusu ni hii. Kikombe cha chai ya kawaida kina kafeini kama miligramu 40 hadi 50, na sisi tunaochemsha majani ndani ya sufuria mpaka rangi iwe nzito tunaweza kuzidisha hapo. Tuseme viwili ni 90. Mwili huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini, ingawa watu hutofautiana sana. Kwa hiyo ikifika saa sita na nusu usiku, bado kuna kama 45 mwilini. Ni sawa na kumwamsha usiku wa manane na kumpa kikombe kimoja. Hakuna mzazi angefanya hivyo makusudi.

Chai ina hila nyingine. Ikinywewa pamoja na chakula, inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Upungufu wa chuma ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za miguu kutotulia usiku, ile hali ya kuhisi miguu inawasha kwa ndani, inataka kusogezwa, na haitulii mpaka uisogeze. Wasichana walioanza hedhi wako hatarini zaidi. Kikombe kimoja cha jioni kwa hiyo kinaweza kugonga usingizi mara mbili.

Pili, badilisha kilichomo kwenye chupa

Chai ya mwisho ya majani iwe kabla ya saa nane mchana. Kwa mtoto wa shule maana yake ni chai ya asubuhi tu. Lakini usiikate siku moja. Aliyezoea vikombe vitatu vinne kwa siku akiacha ghafla ataumwa kichwa, atakuwa mkali na mchovu, na hali hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki. Atakwambia mbinu yako ndiyo inamuumiza. Wiki ya kwanza ondoa kikombe cha usiku, kile cha saa kumi na moja weka majani nusu ya ulivyozoea. Wiki ya pili ondoa na hicho.

Chupa isibaki tupu, maana baridi ipo pale pale. Weka mchaichai. Kwa lita moja ya maji, chukua majani ya mchaichai yanayojaa mkono mmoja, yaoshe, yakunje na kuyafunga fundo ili yasitawanyike, kisha ponda kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Chemsha pamoja dakika kumi. Ukitaka ya maziwa, tangawizi ichemke kwanza vizuri ndipo umimine maziwa, kwa sababu tangawizi mbichi hukata maziwa. Sukari ianzie kijiko kidogo kimoja kwa kikombe, uende ukipunguza.

Tegemea mazungumzo ya namna hii:

"Mama, hii siyo chai."

"Ni ya mchaichai, kunywa baba, ina moto."

"Basi weka majani kidogo tu, ipate rangi."

Majani yakitoa rangi yanatoa na kafeini, usikubali. Kuwa mwangalifu pia dukani: kuna pakiti za chai zenye picha ya mchaichai au tangawizi ambazo ndani ni majani ya chai yaliyotiwa ladha. Soma viambato. Chai ya kijani nayo ni chai, ina kafeini. Kahawa haina haja ya maelezo, hasa kwa watu wa Mbozi. Soda nyeusi aina ya kola ina kafeini, kidogo kuliko chai, lakini kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na miligramu kama 80, na vijana wanayabeba kwenye begi kama maji. Vidonge vingine vya kichwa vina kafeini pia. Soma karatasi yake kabla hujampa usiku.

Kama baba mwenye nyumba hataki kuachana na chai yake ya jioni, awe na chupa yake, ikae chumbani. Nasema hivi kwa sababu mpango huu huvunjikia hapo mara nyingi kuliko mahali pengine popote: chupa moja mezani, na kijana anayejua kujihudumia.

Tatu, mlishe saa kumi na moja

Kijana anayekua akitoka shule ana njaa ya kweli. Ukimpa maandazi na chai ya sukari, anashiba nusu saa, baada ya saa moja na kitu njaa inarudi na hasira juu yake, anaanza kutafuta biskuti, pipi na soda. Soda moja ya mililita 350 inaweza kubeba sukari ya karibu vijiko tisa vidogo. Halafu anafika kwenye chakula cha usiku akiwa amejivuruga: ama hataki kula, ama anakula mlima.

Hapa ndipo ningeweka nguvu, kwa sababu mlo huu ukiwa wa maana ule wa usiku unaweza kuwa mdogo bila ugomvi. Asubuhi chemsha viazi vitamu, magimbi au ndizi, funika, akute. Vipande viwili vikubwa vya kiazi, nusu parachichi na kikombe cha maziwa au mtindi vinamtosha. Msimu wa mahindi mabichi, gunzi moja la kuchemsha na karanga ngumi moja. Parachichi na karanga vina mafuta, ndiyo, lakini saa kumi na moja tumbo bado lina muda wa kuyashughulikia. Saa tatu usiku halina.

Nne, chakula cha usiku kiive saa moja

Lengo ni mlo mkuu umalizike saa mbili usiku, saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Anayelala tumbo likiwa limejaa anasumbuliwa na kiungulia, anabeua, joto la mwili linakataa kushuka. Mafuta yanaongeza tatizo kwa sababu yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo maana chipsi mayai za saa tatu usiku ni mlo mbaya wa kulalia, hata kama zimepikwa kwa usafi wote. Kama chipsi ni lazima, ziwe za Jumamosi mchana.

Kinachochelewesha chakula huku kwetu mara nyingi ni maharage, na kosa si la mpishi. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Njombe na Makete ni juu zaidi, na maji yanachemka kwenye nyuzi za chini zaidi ya hapo. Maji yanaruka kwenye sufuria, lakini hayana moto wa Dar es Salaam, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu zaidi. Kuongeza mkaa hakusaidii. Maji yatakauka tu haraka.

Dawa yake ni kuloweka. Asubuhi unapotoka, osha maharage na uyaache kwenye maji mengi. Saa kumi na nusu jioni mwaga maji hayo, weka mapya, bandika na ufunike. Mwaga kweli, kwa sababu maji ya kulowekea yanatoka na sehemu ya vile vitu vinavyojaza gesi, na kijana mwenye tumbo la gesi hatalala hata umpe nini. Chumvi na nyanya ziingie yakiwa yameshalainika, maana nyanya zikiwahi yanakaa magumu. Maharage ya njano mara nyingi huiva upesi kuliko mekundu. Yawahi kuchemka kwa nguvu angalau dakika kumi kabla hujapunguza moto, na yasiliwe yakiwa na kiini kigumu: yanaumiza tumbo vibaya. Mwenye friji apike ya siku tatu kwa mpigo. Mwenye sufuria ya presha amalize ugomvi wote.

Kwa siku ambazo hukuloweka, pika viazi na njegere. Kwa watu watano chukua viazi mviringo kilo moja na nusu, njegere mbichi vikombe vitatu, karoti mbili, nyanya nne, kitunguu kimoja kikubwa na mafuta vijiko viwili vya chakula, viwili tu kwa sufuria nzima. Kaanga kitunguu mpaka kilainike bila kuwa cha kahawia, weka nyanya zilizokatwa, funika ziive mpaka zipoteze umbo. Weka njegere na maji vikombe viwili, chemsha dakika kumi na tano. Ndipo uweke viazi vilivyokatwa vipande vinne vinne na karoti, ongeza maji yafike usawa wa viazi, chumvi, funika. Baada ya dakika ishirini na tano choma kiazi kwa kisu. Kikiingia bila kubisha, ponda vipande vitatu vinne kwa mwiko humo humo ili rojo liwe zito. Huo uzito ndio watu wanaoutafuta wanapomimina mafuta mengi. Malizia kwa nusu kikombe cha maziwa, iache itokote dakika mbili, ipua.

Sahani ya yule kijana wa Uyole basi iwe hivi: miiko miwili ya viazi na njegere, mboga ya majani ya kutosha, iwe chainizi, mnafu au majani ya maboga, na chungwa au pera. Tunda lichachu lina vitamini C, na hiyo ndiyo inayosaidia chuma cha mboga na njegere kufyonzwa, kinyume kabisa cha chai. Bado ana njaa? Aongeze njegere na mboga kabla ya kuongeza viazi.

Siku za ugali, ni ule ule ugali, ila dona badala ya sembe kama anaukubali, na bonge liwe la ngumi zake mbili. Kitoweo kiwe cha kuchemsha na kuunga: maharage, usipa wa Ziwa Nyasa wa rosti nyepesi, yai la kuchemsha, kipande cha kuku bila ngozi. Wali wa Kyela na maharage ni mlo mzuri pia. Nazi iwe siku mojamoja. Pilipili punguza usiku kwa anayelalamika kifua kuwaka moto.

Tano, kitu kidogo cha saa tatu, kama kinahitajika

Aliyekula vizuri saa moja anaweza kulala hivyo hivyo. Lakini wapo wanaosikia njaa, hasa wanaocheza mpira, na njaa inaamsha usingizini sawasawa na shibe. Mpe nusu bakuli la uji wa ulezi kati ya saa tatu na saa tatu na nusu: vijiko viwili vya chakula vya unga ukorogwe kwa maji baridi, umimine kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka, ukoroge dakika kumi mpaka harufu ya unga mbichi iishe, halafu nusu kikombe cha maziwa. Badala ya sukari ponda ndizi mbivu moja. Kikombe cha maziwa ya moto yenye mdalasini kinafaa pia, na kama maziwa ya kawaida yanamjaza tumbo, mtindi mara nyingi haumsumbui.

Watu husifia maziwa kuwa yanaleta usingizi. Yana kiini cha protini ambacho mwili hutumia kutengeneza homoni ya usingizi, ni kweli, lakini kiasi kilichomo kwenye kikombe kimoja ni kidogo. Faida kubwa ni kwamba tumbo linatulia, na kwamba kitu kile kile saa ile ile kila siku kinamwambia mwili kazi imekwisha. Usizidishe kikombe kimoja, la sivyo ataamka kwenda chooni kwenye baridi, na akirudi usingizi umeshakimbia.

Na kwa watu wa Iringa: ulanzi hapana, hata ule mtamu wa asubuhi ambao jioni umeshachacha. Pombe inamfumba mtu macho haraka, kisha inamvurugia nusu ya pili ya usiku, achilia mbali kwamba huyu ni mtoto.

Utajuaje kama inafanya kazi

Usipime kwa usiku mmoja. Siku za kwanza kichwa kinamuuma kwa kukosa chai na usingizi unaweza hata kuonekana mbaya zaidi. Endelea na daftari wiki mbili baada ya chai kuisha kabisa. Alama ninayoiamini ni ya asubuhi: aliyekuwa anaitwa mara nne anaitwa moja au mbili. Ya pili ni kwamba muda kati ya kupanda kitandani na kusinzia unapungua kuelekea nusu saa. Kwa kijana wetu wa Uyole, ikiwa sasa anakula saa moja, hanywi majani jioni na anapanda kitandani saa nne, akisinzia saa nne na nusu amepata saa saba. Bado hazijatosha, lakini ni karibu saa mbili zaidi ya alizokuwa anapata.

Ikiwa hakuna kilichobadilika, angalia kwanza anachonunua njiani kabla ya kufika nyumbani, halafu simu iliyo chini ya blanketi. Chakula hakishindani na simu.

Yapo mambo ambayo hayatatuliwi jikoni. Miguu isiyotulia kila usiku, uchovu na weupe wa viganja na ndani ya kope, au hamu ya kula udongo, mpeleke kituo cha afya wapime wingi wa damu, na usianze kumpa vidonge vya chuma kwa kukisia. Kukoroma kwa nguvu na pumzi kukatika usingizini, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, kukonda ilhali anakula, huzuni isiyoisha au maneno ya kukata tamaa, hayo yote ni ya daktari, na la mwisho halingoji wiki ziishe. Dawa ya usingizi ya dukani usimpe. Ukienda beba lile daftari, umwonyeshe daktari ukurasa wa kabla na wa baada ya kubadilisha chakula.